Mistari Kumi na Miwili ya Bucha

Nimeshika pesa za watu miaka thelathini na mmoja na sijawahi kupungukiwa hata peso moja. Naisema mapema ili mtu asije akangoja niiseme kwa unyenyekevu. Nilikuwa keshia kwenye duka kubwa la vyakula, droo namba nne, na mkuu wetu wa makeshia, doña Élida, alikuwa akihesabu droo yangu jioni kwa kutimiza wajibu tu. Wenzangu walikatwa mishahara mwisho wa mwezi kwa upungufu. Mimi nilikatwa mara moja, kwa kuchelewa kazini, na hata siku hiyo droo yangu ilikuwa sawa.

Kwa hiyo nilipostaafu, na klabu yetu ya soka ya watoto hapa mtaani La Teja ikabaki bila mhazini, hakuna aliyepiga kura. Mwenyekiti, Heber Píriz, alikuja kwangu na daftari la klabu ndani ya mfuko wa plastiki, akaliweka mezani, akakaa kunywa chai ya yerba kana kwamba amekuja kwa hiyo yerba tu. Klabu inaitwa Relámpago. Ina watoto arobaini, uwanja wenye nyasi upande mmoja, na kantini yenye jiko la kuchomea soseji siku za mechi. Kila mtoto analipiwa ada ya peso mia tano kwa mwezi. Klabu ndogo kama yetu haina makaratasi ya kufungulia akaunti yake, basi benki ilifungua akaunti ya akiba kwa jina langu, Nibia Olaza, na ndani yake hakuna peso yangu hata moja. Nguo zangu zinaanikwa kando na za jirani, na pesa zangu vivyo hivyo.

Mwaka wetu wa hesabu unaisha mwisho wa Agosti. Mwaka huu wazazi walichagua kamati mpya ya ukaguzi, na aliyeiongoza ni Wilmar Techera, baba wa golikipa wa watoto wa miaka tisa. Wilmar alisoma uhasibu miaka miwili chuo kikuu kabla ya kuacha, na hiyo miaka miwili hajaiacha mpaka leo. Aliniandikia ujumbe wa adabu sana akiomba taarifa yote ya benki, kuanzia Septemba ya mwaka jana hadi Agosti.

Hapa nakiri kosa langu, na ni moja tu. Ukurasa wa benki ulikuwa wazi kwenye simu yangu, safu tano zimepangwa vizuri: tarehe, maelezo, pesa iliyotoka, pesa iliyoingia, salio. Sikujua namna ya kumtumia faili. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikavuta mpaka wa mwisho, nikanakili, nikabandika kwenye ujumbe, nikamtumia. Mwezi kwa mwezi, mara kumi na mbili. Maandishi yalifika yote, lakini safu hazikufika. Kila mstari ulikuwa tarehe, maneno, kisha namba mbili zimefuatana: kiasi, na salio. Kiasi kilichotoka na kilichoingia vilisimama mahali pamoja, bila alama yoyote ya kuvitofautisha. Mimi sikuliona hilo, kwa sababu mimi najua kila mstari ulikotoka.

Wilmar alifanya kazi, sikatai. Mistari mia tano sitini na kitu, na katikati yake vichwa vya kurasa vinavyojirudia, na maelezo marefu yaliyokatika yakawa mistari miwili. Baadaye niliambiwa kwamba programu ya kompyuta yake ilisoma 3.500 kuwa tatu na nusu, kwa sababu ya nukta, ambayo kwetu hutenga maelfu, ikabidi azirekebishe zote. Aliyapanga yote kwenye jedwali: tarehe, maelezo, kiasi, na fungu. Marefa rangi ya njano, mipira na sare buluu, umeme na maji kijani, nyama na mkate nyekundu, na zilizoingia, ada na mauzo ya kantini, akaziacha nyeupe. Safu ya salio aliifuta. Alisema haina kazi, kwa sababu yeye anatafuta matumizi.

Jumatatu jedwali likatua kwenye kundi la wazazi la simu bila mimi kuonyeshwa kwanza. Chini yake aliandika mistari mitatu. Fungu la nyama: peso 103.300. Risiti za nyama zilizo kwenye boksi la kantini: peso 61.300. Tofauti isiyo na risiti: peso 42.000. Hakuandika jina la mtu. Hakuhitaji, kwa kuwa kadi ya benki iko kwenye pochi ya mtu mmoja.

Watu wa kundi lile, ambao mvua ikinyesha hawaji hata kuingiza viti ndani, siku hiyo walikuwa macho wote. Mmoja aliandika kwamba sasa anaelewa kwa nini moshi wa kwangu Jumapili unanukia vizuri. Mwingine akaweka picha ya ng'ombe. Marisel Duarte, ambaye wanawe wawili wanacheza na ambaye amewahi kuniomba uhazini nikamwambia mikono yake bado ina haraka, aliandika kwamba peso elfu arobaini na mbili ni sare za timu nzima, na akataka mkutano wa Jumamosi upige kura ya kuniondoa. Heber akajibu kwa kidole gumba. Nikakaa na ile simu mkononi, nikiungua masikio. Mtu akiniita mwizi mbele ya mlango wangu, najua pa kumshika. Lakini kwenye kundi, unamshika nani?

Sikujibu. Jumanne asubuhi nilikwenda kwenye duka la kuchapisha la kona, nikachapisha yote, maandishi niliyotuma mimi na jedwali alilotengeneza yeye. Nikamwita wifi yangu Blanca, dada wa marehemu mume wangu, aje na miwani yake. Blanca anasoma namba kwa sauti ya mtangazaji wa bahati nasibu, na hilo ndilo nililolitaka. Nikachukua rula, kalamu ya risasi na kalkuleta yenye vitufe vikubwa.

Kwenye duka letu, siku droo ya mtu ikikataa, doña Élida hakuwa anauliza umempa nani chenji. Alikuwa anauliza mambo matatu. Ulianza na ngapi? Kimeingia nini, kimetoka nini? Umebaki na ngapi? Ukijumlisha na kutoa, lazima ufike kwenye pesa iliyo ndani ya droo. Usipofika, kosa liko kwenye karatasi au kwenye mfuko wako, na yeye alianza na karatasi.

Nikafanya hivyo hivyo. Tulianza Septemba na peso 8.240. Jedwali la Wilmar lilisema zimeingia 226.500 na zimetoka 293.900. Blanca akasoma, nikabonyeza. Ikaja hasi elfu hamsini na tisa, mia moja na sitini. Nikabonyeza tena, ikaja ile ile.

"Hasi maana yake benki inatudai?" Blanca akauliza.

Nikamwambia benki haikopeshi akaunti ya akiba ya watoto wanaocheza mpira, na kwamba salio la mwisho kwenye taarifa ni peso 24.840, si hasi chochote. Jedwali lile lenye rangi zote lilikuwa halifungi. Kati ya alichosema yeye na kilichopo benki palikuwa na tofauti ya elfu themanini na nne kamili.

Nilipoiona ile themanini na nne nilicheka peke yangu, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu. Jambo hili doña Élida alitufundisha wiki ya kwanza: tofauti ikigawanyika kwa mbili, igawe, kisha tafuta hiyo nusu. Pesa iliyoingia ukiiandika kuwa imetoka, unaikosea mara mbili, kwanza kwa kutoijumlisha, pili kwa kuitoa. Nusu ya themanini na nne ni arobaini na mbili. Arobaini na mbili elfu ndizo nyama zangu za Jumapili. Basi hazikuwa zimeliwa na mtu. Zilikuwa zimeingia.

Tukarudi kwenye maandishi, fungu jekundu peke yake. Blanca alisoma mstari, mimi nikaweka rula chini yake na kulinganisha salio lake na salio la mstari wa juu. Salio likipungua, pesa imetoka. Likiongezeka, imeingia. Hakuna siri nyingine. Mwezi wa sita tukafika kwenye mistari hii miwili, imelala pamoja:

04/06 MANUNUZI BUCHA EL TANO 2.180,00 14.620,00
05/06 UHAMISHO BUCHA EL TANO 3.500,00 18.120,00

Kabla ya tarehe nne salio lilikuwa 16.800. Toa 2.180, unapata 14.620: hizo ni soseji za Jumapili, na risiti yake ninayo. Siku ya pili salio likapanda kwa 3.500 kamili. Wilmar alikuwa ameiamuru kompyuta kwamba kila mstari wenye neno bucha uende kwenye nyama. Nani amewahi kusikia bucha inalipa badala ya kulipwa? Mitaani kwetu kila mtu angefanya kosa hilo, kwa sababu kila mtu anajua soseji za Relámpago zinatoka kwa El Tano. Mistari ya namna ile ilikuwa kumi na miwili, mmoja kila mwezi, kila mmoja 3.500. Zidisha.

Blanca akapiga meza kwa furaha. Mimi furaha yangu ilifika nusu ikasimama, maana pesa ile niliijua vizuri sana. Sikuwa nimeifikiria kwa sababu sikuwahi kuifikiria kama nyama.

El Tano, mwenye bucha, jina lake halisi ni Aldo Bonfrisco. Alipokuwa mtoto, mama yake alishindwa kulipa ada ya klabu, na kocha wa siku hizo akamwambia mbele ya wenzake avue fulana. Alinisimulia mara moja tu, akiwa anakata mbavu, bila kuniangalia. Kila mwezi anatuma ada ya watoto saba kutoka akaunti ya bucha. Hataki kujua ni watoto gani. Mimi ndiye najua. Baba akipoteza kazi, mama akiugua, mtu ananijia pembeni na kuniambia mwezi huu sina, na mimi namjibu kwamba limeshashughulikiwa, asiliseme tena. Akipata nafuu anaanza kulipa, na nafasi yake anaingia mwingine. Majina yapo kwenye daftari dogo ambalo halijawahi kuonwa na mtu, hata Heber. Nilimwahidi Aldo, na nilimwahidi kila mzazi aliyekuja kwangu ameinamisha kichwa.

Ijumaa nilikwenda buchani. Nilimweleza Aldo yote huku foleni ikinisikiliza nusu nusu, nikiwa nimeinama juu ya kaunta. Alifuta kisu.

"Jina langu litaje, jirani, hata kwenye redio. Majina ya watoto, usiyataje."

Nikamwambia sikuja kuomba ruhusa hiyo. Alitaka kuja mkutanoni, nikamkataza, kwa kuwa Jumamosi mchana ndiyo anapata pesa ya wiki nzima, na zaidi ya hapo sikutaka kuonekana nimekuja na mlinzi.

Mkutano ulikuwa kantini, saa sita mchana, baada ya mechi. Wazazi kama thelathini, makoti yamelowa ukungu, wengine wamekaa juu ya kreti. Wilmar alikuwa ameweka kompyuta kwenye kaunta na kuiunganisha na televisheni ya ukutani, ile ya kutazamia mechi za timu ya taifa. Rangi zake nne zilijaa ukuta. Alisoma vizuri, kwa sauti ya upole, na upole ule uliniudhi kuliko picha ya ng'ombe. Alipomaliza, Heber akanipa nafasi kwa kutikisa kichwa, macho yake yako kwenye viatu.

Sikupanda juu ya kitu chochote. Nilimwuliza Wilmar maswali ya doña Élida. Tulianza na ngapi? Hakujua. Mstari ule wa salio la mwanzo aliutoa kwa sababu si matumizi. Nikampa: 8.240. Nikamwomba ajumlishe na kutoa hapo hapo ukutani, kila mtu aone. Akaandika, na hasi 59.160 ikatokea, nyekundu, kubwa. Nikatoa simu yangu, nikaifungua benki mbele ya Heber, akasoma kwa sauti salio la mwisho wa Agosti: 24.840.

Wilmar si mjinga, na nitalisema hilo popote. Uso wake ulibadilika kabla sijasema neno jingine. Akapiga hesabu ya tofauti, akaigawa kwa mbili mwenyewe. Kisha akauliza kama bado nina maandishi yenye salio. Nikampa karatasi zangu zilizopigiwa mistari kwa rula. Akayafungua upya maandishi niliyomtumia, akairudisha safu ya salio kwenye jedwali, akaifundisha kompyuta kutoa salio la juu kutoka salio la chini, na ishara ikajiweka yenyewe kwenye kila mstari: alama ya kutoa kwa kilichotoka, ya kujumlisha kwa kilichoingia. Mistari kumi na miwili ikahama kutoka fungu la nyama mbele ya macho yetu. Nyama ikashuka mpaka 61.300, sawa na risiti. Mtu nyuma akapiga makofi mawili, akaacha.

Ningeondoka pale nikiwa malkia. Lakini Marisel alikuwa bado anasoma ukuta.

"Ngoja kidogo. Bucha inamtumia pesa kila mwezi? Na yeye soseji zote ananunua bucha hiyo hiyo?" Akanigeukia. "Doña Nibia, hiyo si asilimia yako?"

Sikuwa nimeliona hilo likija, nakiri. Kwa jina la bucha peke yake sikuwa nimejisafisha, nilikuwa nimejichafua upya, na vibaya zaidi. Mtu anayekula nyama ya klabu ana njaa tu. Mtu anayekula asilimia ni fisadi. Nikawaambia pesa ile ni mchango wa Aldo kwa klabu, imeingia kwa klabu na imetumika kwa klabu, na salio lipo pale linaonyesha. Marisel akauliza, kwa haki kabisa, mchango wa nini, na kwa nini hautangazwi kama wa mwenye duka la rangi ambaye jina lake liko mgongoni mwa fulana za watoto. Heber naye akainua macho. Akasema jirani, tuambie tu imelipia nini, tufunge mkutano, soseji zinaungua.

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kwapa. Niliuhisi ubavu wake mgumu. Ningelifungua tu, nisome majina saba, na Marisel angemeza maneno yake. Na nitasema ukweli wote: jina moja kwenye daftari lile, kuanzia Aprili hadi Julai, lilikuwa Techera. Wilmar alipoteza kazi ya bohari bandarini mwezi Machi. Alinijia langoni akiwa na mfuko wa mkate mkononi, nikamwambia limeshashughulikiwa. Agosti alipata kazi nyingine, akalipa ada, na wiki ile ile akaingia kamati ya ukaguzi. Ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye herufi ya kwanza. Nilikuwa na hasira ya siku tano kifuani, na dawa yake ilikuwa ndani ya mkoba.

"Imelipia kilichopaswa kulipwa," nikasema. "Zaidi ya hapo sisemi. Mkitaka kunitoa, nitoeni. Kadi hii hapa."

Nikaweka kadi ya benki juu ya kaunta, kando ya sahani ya mkate. Marisel akasema basi tupige kura, na Heber akaanza kuhesabu vichwa.

Wilmar hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amekaa juu ya kreti mbele ya kompyuta yake, na ukutani sote tuliona anachofanya. Alilifungua fungu la ada. Akaiambia kompyuta ihesabu mistari ya ada kwa kila mwezi. Septemba thelathini na tatu. Oktoba thelathini na tatu. Novemba, Desemba, mpaka Agosti, thelathini na tatu, thelathini na tatu. Kisha akamwuliza Heber, bila kugeuka, watoto waliosajiliwa kwenye ligi ni wangapi.

"Arobaini," Heber akasema. "Unajua ni arobaini."

"Na kuna aliyezuiliwa kucheza mwaka huu kwa ajili ya ada?"

Heber akafikiri. Hapakuwa na hata mmoja. Wilmar akaandika kwenye kona ya jedwali, polepole: saba mara mia tano. Hakuhitaji kuandika jibu. Mimi nilikuwa natazama mgongo wake, na nilijua atakachofanya kabla hajakifanya, nikataka kumwambia aache. Aliichuja safu ya maelezo kwa jina lake mwenyewe. Ukuta mzima ukafutika, ikabaki mistari minane ya Techera. Saba mfululizo, kuanzia Septemba hadi Machi. Kisha Agosti. Kati ya Machi na Agosti hapakuwa na kitu.

Sidhani wote walielewa walichokiona, maana alikifuta upesi, jedwali likarudi lote. Lakini yeye alielewa. Angeweza kunyamaza. Angesema kwamba mchango umethibitika, tukapiga kura, na kila mmoja akaenda kula. Nami nisingemsema kamwe, na nadhani hilo alilijua pia.

Akasimama. Alisema kwamba pesa ya bucha imelipa ada za watoto saba kila mwezi, kwamba hesabu inafunga mpaka peso ya mwisho, na kwamba majina hayamo kwenye taarifa ya benki na kamati yake haitayaomba.

"Isipokuwa moja, ambalo nalijua. Mwanangu alicheza miezi minne kwa pesa hiyo. Mimi ndiye niliyeandika arobaini na mbili elfu kule kwenye kundi, na huyu mama alikuwa na la kunijibu tangu Jumatatu, hakulisema."

Kisha akaketi, masikio mekundu, akaiweka mistari ile kumi na miwili kwenye fungu jipya. Alinigeukia kuniuliza fungu liitwe nini. Nikamwambia aandike ada, kwa sababu ni ada. Akaandika ada. Thelathini na tatu zikawa arobaini kila mwezi, na rangi ikawa moja kwa wote.

Marisel ndiye aliyeichukua kadi pale kando ya mkate. Aliipangusa mafuta kwa kona ya kitambaa chake cha shingo na kunirudishia mkononi bila kunitazama, na Heber akasema kwamba anaona hakuna haja ya kura. Nikamwambia ipo. Nilitaka kura, nilitaka mikono juu, nilitaka kuihesabu mwenyewe. Iliinuliwa yote. Nilihesabu mara mbili, thelathini na mmoja, na sikuharakisha.